Naombeni ushauri, dawa nne za moyo kuchoka, huyu nimwanzishie ipi?
Wakuu nina mgonjwa, mama wa miaka 58, moyo unasukuma asilimia 28 tu, presha 98/60 ila hana kizunguzungu, miguu imeshanywea kwa furosemaidi, shida ni potasiamu iko 5.3. Makundi yote manne anayahitaji, ila spironolaktoni naiweka pembeni kwanza maana inapandisha potasiamu, ikivuka 5.0 haianzishwi. Nawaza dapagliflozini 10 mg na bisoprololi 1.25 mg sasa hivi kwa vile hana maji tena mwilini, bisoprololi ukimpa akiwa bado amejaa anaweza kuzidiwa kabisa, halafu potasiamu ikishuka ndo enalaprili 2.5 mg mara mbili kwa siku, na damu nirudie baada ya wiki 1 hadi 2. Je hizo mbili nianze pamoja au nipishanishe? Na furosemaidi nipunguze? Maana dapagliflozini nayo inakojoza, naogopa presha isije ikaporomoka.