Mrejesho: siagi ya karanga na mafuta yanayoelea

Niliuliza: "Siagi yangu ya karanga ina chengachenga, na ikikaa siku tatu mafuta yanaelea juu. Nakosea wapi?"

Chenga zimeisha. Kilo 1 ya karanga imeokwa kwenye oveni, nyuzi 160, dakika 20, ikageuzwa mara mbili, ikapepetwa maganda na kusagwa ingali na joto, kwa sababu mafuta yenye joto hutoka upesi. Blenda ipumzishwe kila dakika, na maji yasiingie hata tone: siagi hukaza.

Mafuta kuelea si kosa. Karibu nusu ya karanga ni mafuta, na kusaga hupasua vijifuko vinavyoyashika. Chembe nzito huzama, mafuta hupanda. Kwenye friji huwa mazito, hivyo hupanda polepole. Koroga, usiyamwage, la sivyo ya chini itakuwa kavu isiyopakika.