Faida ya kiwanja itozwe kikipanda, au isubiri kuuzwa?

Mpangaji wa Ilazo: Wakuu, kiwanja kikipanda thamani, mwenye nacho ametajirika leo, si siku atakapouza. Mshahara wangu unakatwa kila mwezi. Kwa nini faida yake isubiri hata miaka 15? Na je, si ndiyo sababu watu wanang'ang'ania viwanja bila kuuza?

Dalali Nzuguni: Ndiyo hiyo hiyo. Kuna mzee ana viwanja viwili Iyumbu, hapa Dodoma, vimejaa mbigili. Kila nikimpelekea mteja anasema, "Niuze halafu TRA wachukue mamilioni yangu?" Iondoeni kodi hii, muone soko litakavyochangamka.

Mhasibu Kisasa: Dalali, kodi inachangia, ila umeibebesha mzigo usio wake wote. Tuseme mzee alinunua kiwanja kimoja kwa milioni 3, leo kina bei ya milioni 63. Faida ni 60, na mkazi anatozwa asilimia 10, yaani milioni 6. Akiuza, anabaki na 57.

Sasa asipouza, kiwanja kikapanda asilimia 8 kwa mwaka kwa miaka 5, kitafika kama milioni 92.6. Akiuza wakati huo na kulipa kodi, anaondoka na 83.6 hivi. Lakini akiuza leo akaihamishia ile 57 kwenye mali nyingine, ili naye afike 83.6 baada ya kodi ya pili, mali hiyo lazima ipande karibu asilimia 8.7 kwa mwaka. Ikipanda 8.3 ni bora kuliko kiwanja, lakini kwake ni hasara kuhama. Hapo ndipo kodi inapomfunga: ile milioni 6 anayodaiwa inaendelea kumzalia kana kwamba serikali imemkopesha bila riba.

Ila tazama pengo lenyewe, halifiki hata asilimia moja. Kodi ingekuwa 30, angehitaji mali ya kupanda kama 10.6, na hapo kweli mtu hahami. Kwa asilimia 10, mzee wako anasubiri bei zaidi kuliko anavyokimbia kodi. Kinachofunga kabisa ni pale anayekufa na mali yake anapoiacha bila deni la kodi hiyo. Marekani mrithi huanza kuhesabu kwa bei ya siku ya kifo, na faida ya marehemu haitozwi tena. Nani atauza akiwa na miaka 80?

Mama Kikuyu: Mbona mimi nalipa kila mwaka na sijauza kitu? Juzi tu nimeletewa deni la kiwanja changu.

Mhasibu Kisasa: Mama, hiyo ni kodi ya pango la ardhi. Haiulizi umepata faida kiasi gani. Ila umegusa jambo: pango likiwa la maana, anayeacha kiwanja pori analisikia mfukoni hata asipouza. Dawa ya mbigili ningeitafuta huko kwanza.

Mjukuu wa Mgogo: Mbukwenyi. Mpangaji, mshahara wako unakatwa kwa sababu umeingia. Babu yangu alikuwa na shamba la mtama na karanga upande wa Mtumba. Julai 2016 serikali ilipotangaza kuhamia Dodoma, bei za huku zikaruka. Yeye hakushika hata shilingi. Mngemtoza mwaka ule angelipa na nini, magunia ya karanga? Angelazimika kukata shamba auze. Na nani angekuja kuthamini kila shamba kila mwaka? Bei ikishuka mngemrudishia?

Mpangaji wa Ilazo: Babu namwelewa. Simwelewi mwenye viwanja kumi anayekaa Dar. Basi msubirini auze, lakini mumtoze na riba ya miaka yote aliyosubiri.

Mhasibu Kisasa: Wazo hilo lina wazee wake. Mchumi William Vickrey alilipendekeza mwaka 1939: kodi ihesabiwe ili kuchelewa kusikupe nafuu. Babu angesubiri bila kusumbuliwa, na wa Dar asingepata mkopo wa bure. Shida ni siku ya kuuza, bili inakuwa nene. Tena faida ilikuja lini? Iliyopatikana yote mwaka wa kwanza na iliyopatikana mwaka jana hazistahili riba sawa, na bei za katikati hakuna aliyeziandika.

Dalali Nzuguni: Mhasibu, bili ikiwa nene mjue huku mtaani kinatokea nini. Hata hii ya asilimia 10, kwa kuwa hati haihamishwi mpaka ilipwe, wengi wanamalizana kwa mkataba wenye muhuri wa mtaa. Hela inatembea, hati inabaki na jina la zamani. Nina mteja alinunua hivyo Ihumwa. Alipotaka mkopo, benki ikamwambia amlete mwenye hati, kumbe alishafariki, na warithi sasa wanataka "chochote" ndipo wasaini. Ongezeni riba muone.

Mjukuu wa Mgogo: Na sehemu ya ile 60 si faida, ni shilingi kupungua nguvu. Riba mtaipiga juu ya hiyo pia?

Mpangaji wa Ilazo: Hiyo mwachieni Mhasibu. Mimi bado nauliza: kwa nini mshahara wangu haukusubiri?