Tupeane uzoefu: nimerudi kazini, maziwa yanapungua

Mama wa Nzuguni
Habari zenu kinamama. Niliunganisha siku 84 za uzazi na likizo ya mwaka, nikarudi ofisini Mtumba mtoto akiwa na miezi minne kasoro. Natoka nyumbani saa 12 na nusu asubuhi, narudi saa 11 jioni. Kabla ya kurudi nilikuwa nimejaza chupa ndogondogo kwenye friza, nikajua nimejipanga. Sasa wiki ya tatu friza imebaki na chupa mbili. Kazini nakamua mara moja, saa 7 mchana, napata mililita 120. Mwanzoni nilikuwa napata karibu 200. Dada wa nyumbani anasema mtoto anamaliza chupa nne za mililita 120 na bado analia. Mama mkwe ameshanitajia maziwa ya kopo mara mbili. Waliopitia hili mlifanyaje?

Bint Ipagala
Pole mwaya. Mimi wa kwanza alinipitisha hapohapo. Kunywa uji wa ulezi asubuhi na jioni, supu, maji mengi. Halafu usikamuekamue ovyo, acha ziwa lijae kwanza ndipo ukamue, utaona yanatoka mengi.

Mkunga wa Makole
Bint Ipagala, uji ni mzuri kwa mama mwenyewe, anashikwa na njaa kweli anaponyonyesha. Maji anywe kadiri ya kiu, akizidisha hapo haongezi maziwa. Ila hilo la kuacha ziwa lijae ndilo linaloharibu. Ziwa likikaa limejaa muda mrefu, mwili unaelewa kwamba maziwa hayahitajiki, unapunguza kutengeneza. Anayekamua saa 7 peke yake anapata mengi kwa siku chache za kwanza, kisha yanaanza kushuka. Ndicho kilichompata Mama wa Nzuguni.

Mdogo wangu, kabla hatujafika mbali: mtoto analowanisha nepi ngapi kwa siku? Na kadi ya kliniki inasemaje, uzito unapanda?

Mama wa Nzuguni
Shikamoo mama. Nepi ni saba au nane. Uzito ulipanda vizuri mwezi uliopita, mstari haujalala.

Mkunga wa Makole
Marahaba. Basi mtoto anashiba, tatizo lako ni hesabu. Mtoto wa umri huo asipokuwa na mama yake huhitaji kama mililita 30 kwa kila saa, wengine pungufu kidogo, wengine zaidi kidogo. Wewe huonekani kwa saa kumi na nusu, kwa hiyo tafuta kama 300 hivi. Dada anampa 480. Chupa inamiminika yenyewe, mtoto anameza hata akiwa ameshiba, na kila akilia anapewa nyingine. Kwa hiyo kila siku ulikuwa unakamua 120 na kutumia 480, pengo lote unaliziba kutoka friza. Friza haiwezi kubeba hilo.

Gawa maziwa kwenye vipimo vya mililita 60 au 70. Mwambie dada atumie kikombe kidogo kisafi, amkalishe mtoto wima, aegeshe ukingo kwenye mdomo wa chini na kumwacha anywe mwenyewe kwa ulimi, asimmiminie. Akiacha, basi. Akilia kwanza ambebe, aangalie nepi, si kila kilio ni njaa.

Wewe kamua mara tatu: saa 3, saa 6, saa 9. Dakika 15 hadi 20 zinatosha. Usisubiri kujisikia umejaa. Na usiku mnyonyeshe, usimnyime hata ukichoka, maana usiku ndipo homoni ya kutengeneza maziwa inakuwa juu.

Mwalimu wa Kikuyu
Mara tatu ofisini utapewa wapi? Mimi niliambiwa nikamulie chooni, nikakataa, nikawa nakamulia stoo ya vitabu mwenzangu akinishikia mlango. Lakini sheria ya ajira inampa mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Niliandika barua ya mistari minne, nikaitaja hiyo sheria, nikaonyesha saa ninazotoka na kurudi. Mkuu wangu alikubali siku ya pili. Wa jirani yangu hajakubali hadi leo.

Baba Hombolo
Samahani kuingilia, mke wangu hana ofisi, yuko shamba la zabibu. Akirudi jioni mama yangu anamwambia akamue ya kwanza amwage chini, eti maziwa ya jua yamechacha yatamharisha mtoto. Friji hatuna. Tununue maziwa ya ng'ombe ya mchana?

Mkunga wa Makole
Baba, maziwa hayachachi ndani ya ziwa, hata ashinde juani. Asimwage, mtoto anyonye moja kwa moja. Anawe mikono na kufuta jasho na vumbi, inatosha. Maziwa ya ng'ombe msimpe kabla hajafika mwaka. Kama shamba liko karibu, mtoto aletwe kunyonya mchana, kuliko kuhangaika na kuhifadhi.

Bint Ipagala
Mimi kliniki niliambiwa maziwa yakikamuliwa yanakaa saa nane mezani. Dada yangu akaambiwa nne. Lipi sahihi?

Mkunga wa Makole
Inategemea joto, ndiyo maana mnasikia tofauti. Nyuzi 25 kushuka chini, mimi nashika saa nne. Dodoma ya Juni asubuhi sina wasiwasi, ila Oktoba na Novemba, chumba kina nyuzi 30, siachi mezani kabisa. Kwenye friji, nyuma kabisa na siyo mlangoni, siku nne. Yaliyotoka friza yakayeyuka kwenye friji yaishe ndani ya saa 24. Yale aliyobakiza kikombeni hayazidi saa mbili.

Mama wa Nzuguni
Sasa mama mkwe anayachemsha kabisa mpaka yaumuke, anasema anaua wadudu.

Mkunga wa Makole
Mwombe kwa upole. Chombo kikae ndani ya bakuli la maji ya moto mpaka maziwa yawe vuguvugu, kisha akitikise taratibu mafuta yachanganyike. Kuchemka kunaua kinga iliyomo.

Mwalimu wa Kikuyu
Kubebea: mimi natumia hotipoti kubwa na chupa mbili za maji zilizogandishwa usiku. Kutoka kazini hadi nyumbani, hata daladala ikikwama, maziwa yanafika baridi. Umeme ukikatika usifungue friza. Ukikuta bado yana barafu ndani, yarudishe kuganda. Yakishakuwa maji yote, yapelekwe kwenye friji yatumike.

Mama wa Nzuguni (baada ya siku tisa)
Narudi na mrejesho. Pampu yangu ya mkono ilikuwa inanichubua, nikaanza kukamua kwa vidole: kidole gumba juu ya weusi wa chuchu, vingine chini, nasukuma nyuma kifuani kwanza ndipo nabana, naachia, nazungusha. Siku tatu za kwanza nilitaka kulia, nilipata 50, 40, 50. Jana saa 3 nimepata 90, saa 6 nikapata 80, saa 9 nikapata 70. Alfajiri mtoto akinyonya upande mmoja nakamua wa pili, 60. Jumla 300. Dada anatumia kikombe, mtoto anamwagia kifuani nusu ya kile cha kwanza lakini siku zinavyokwenda anapunguza.

Swali moja limebaki. Yale ya friza ya zamani yananuka kama sabuni na mtoto anayakataa. Hayajachacha, nimeonja. Nimwage?

Mkunga wa Makole
Usimwage kwanza. Kuna akina mama maziwa yao yana kimeng'enya kingi kinachovunja mafuta hata kwenye baridi, harufu inakuwa hivyo. Hayana madhara. Jaribu kuyachanganya na ya leo nusu kwa nusu. Wengine wanakubali, wengine wanakataa katakata.

Bint Ipagala
Wa kwangu alikataa.