Naombeni ushauri, neno "kodi" kwa notisi limetuchanganya

Wadau habari zenu, mimi ni keyateka wa ploti huku Umoja. Nilibandika notisi kwa geti: "Kodi ya nyumba imepanda 5%". Mama wa chini akaelewa ni ushuru wa serikali, akasema huo ni wa landilodi, na kweli ile 7.5% ya mapato ya kupangisha nyumba hulipwa na mwenye nyumba. Mwenzake naye akadhani ni ile 1.5% ya nyumba inayokatwa kwa mshahara. "Ya nyumba" haikusaidia kitu. Sasa nataka niandike: "Mpangaji atamlipa landilodi 12,600 badala ya 12,000 kila mwezi". Nikitoa "kodi" kabisa, kichwa cha notisi niandike nini?