MJADALA: Anayeripoti wizi kazini aandike jina au asiandike?

Karani wa Kamati: Wadau, nimepewa kazi ya kuandika rasimu ya sera ya watoa taarifa ofisini. Wakubwa wanataka niweke kipengele kwamba taarifa isiyo na jina haishughulikiwi, wanasema inaleta majungu. Roho yangu inakataa ila sina hoja ya kuwapelekea. Mnasemaje?

Mzee wa Misimamo: Kataa hicho kipengele. Wekeni sanduku lenye kufuli pale kwenye korido, mtu anatumbukiza karatasi yake bila jina, nani atamjua? Hamna jina hamna kisasi, kesi imeisha.

Mkaguzi Mstaafu: Mzee umepatia nusu. Kipengele wakikatae kweli, ila hilo la kesi imeisha hapana. Miaka niliyokaa kwenye ukaguzi wa ndani sijaona mtu akafichuliwa na jina lake hata mara moja, wanafichuliwa na kile walichokijua.

Ngoja niwape moja niliyoishuhudia. Ililetwa karatasi haina jina, imechapwa kwa kompyuta, inasema stoo imelipiwa boksi 40 za karatasi zikafika 25, na hati ya kupokelea mzigo imebadilishwa baadaye. Safi kabisa, taarifa ya maana. Kijana wetu aliyepewa uchunguzi akamwandikia mkuu wa idara: "Naomba hati ya kupokelea mzigo ya tarehe 14." Hati moja, tarehe moja! Sasa ile hati inapita mikononi mwa watu watatu tu, mmoja ni huyo mkuu mwenyewe, wa pili alikuwa likizo wiki ile. Amebaki nani? Kabla ya saa nane mchana karani wa stoo alikuwa ameshaanza kununiwa, na wala hakuwahi kuandika jina lake popote.

Kilichotakiwa ni kuomba mafaili yote ya miezi mitatu, na siyo ya idara ile peke yake, ya idara tatu, ionekane ni ukaguzi wa kawaida. Ile ya tarehe 14 inakuwa humo ndani kama punje kwenye gunia. Na maneno ya mtoa taarifa hayanukuliwi popote nje ya faili la uchunguzi, maana watu tunajuana kwa namna tunavyoandika.

Mama Faili: Hilo la kununiwa limenigusa. Mimi niliripoti kwa jina langu kabisa, nikaahidiwa usiri, imeli yangu ikasambazwa vile vile ilivyo kwa wakubwa watano "kwa hatua zenu". Sikufukuzwa wala nini. Nilianza tu kusahaulika kwenye vikao, halafu meza yangu ikahamishiwa karibu na choo, halafu tathmini ya mwisho wa mwaka nikaambiwa sishirikiani na wenzangu. Niende kulalamika nini hapo, meza?

Kijana wa Zamu: Afadhali mmeleta hii mada, mimi bosi wangu amenikatalia likizo mara tatu na wenzangu wanapata, naweza kutumia hii sera nimripoti bila jina?

Karani wa Kamati: Kijana hapo ni malalamiko yako binafsi ya kazi, peleka utumishi. Ila umenisaidia, naona lazima sera iseme wazi kipi kinaingia na kipi hakiingii, la sivyo sanduku litajaa likizo.

Mkaguzi Mstaafu: Iseme, lakini asifukuzwe mlangoni. Anayepokea ndo ampeleke panapohusika, kwa sababu wakati mwingine ukichimba ile likizo unakuta mtu ananyimwa kwa sababu aligoma kusaini kitu.

Dada wa Sheria: Kwa Mama Faili, hapo ndo sera nyingi zinakufa. Zinaandika "ni marufuku kulipiza kisasi", basi, alafu mzigo wa kuthibitisha anaachiwa yule yule aliyehamishiwa chooni. Umoja wa Ulaya kwenye agizo lao la 2019 waliligeuza hilo: mtu akionyesha kwamba aliripoti na baadaye akapata madhara, inachukuliwa ni kisasi mpaka aliyechukua hatua athibitishe alikuwa na sababu nyingine halali. Hata kama nchi yako haina sheria ya hivyo, hamna kinachowazuia kuandika kanuni hiyo kwenye sera yenu wenyewe. Humo humo kuna muda pia, kumjibu mtu kwamba taarifa imefika ndani ya siku 7, na kumrudishia majibu ya kilichofanyika isizidi miezi 3. Karani azichukue hizo tarakimu, mtu akikaa kimya kimya bila jibu ndo anakimbilia nje.

Na hofu ya majungu wanaitibu vizuri tu. Kinachoangaliwa ni kama aliyeripoti alikuwa na sababu ya msingi kuamini anachosema ni kweli wakati ule. Akikosea kwa nia safi analindwa, akidanganya huku anajua anadanganya anaadhibiwa. Hata awe anamchukia bosi, kama boksi 15 hazipo hazipo.

Mzee wa Misimamo: Sawa nimekubali, lakini bado nasema jina lisiwepo.

Mkaguzi Mstaafu: Shida ya sanduku lako mzee ni kwamba halijibu. Mtu ameandika "kuna wizi stoo", stoo ipi, lini? Huwezi kumuuliza, faili linafungwa. Tafuteni njia ya kurudishiana maneno: anapotuma anapewa namba na neno la siri, anarudi baada ya siku kadhaa anakuta maswali, anajibu, na bado hajulikani. Na mwambieni kwenye sera asitumie kompyuta wala mtandao wa ofisi, na picha za hati azipige kwa uangalifu, faili la kompyuta linabeba jina la aliyelitengeneza hata kama wewe hukuliandika.

Karani wa Kamati: Nimeandika. Sasa la ulinzi, nilifikiria hivi: hatua yoyote ya kumhamisha au kumwadhibu mtoa taarifa ndani ya miezi 12 ipitishwe kwanza na mtu wa nje ya idara yake.

Mama Faili: Akha! Si ndo umemtangaza hapo? Bosi akitaka kumhamisha akaambiwa "huyu subiri kwanza", ameshajua.

Mkaguzi Mstaafu: Mama ameona mbali. Ukizuia mmoja umemwonyesha. Fanya idara nzima iliyo chini ya uchunguzi, uhamisho wote, onyo zote, mikataba isiyohuishwa, vyote vipite nje kwa kipindi hicho. Inachosha, wakuu wa idara watapiga kelele, ila hamna anayetofautishwa. Na chukua nakala ya tathmini za watu wote wa idara ile siku taarifa inapoingia, ndo utaona nani alikuwa mzuri mpaka jana na leo ameharibika ghafla.

Dada wa Sheria: Hii nzuri kwa ofisi ya watu mia mbili. Ofisi ya watu 12?

Mkaguzi Mstaafu: Hapo sina jibu la uhakika. Ningeweka mpokeaji awe wa nje kabisa, wakili au mkaguzi wa nje, lakini wadogo wenyewe wanakwambia hatuna hela ya hivyo.

Karani wa Kamati: Na kama anayelalamikiwa ndo mkurugenzi, na huyo wa nje analipwa na mkurugenzi?

Mzee wa Misimamo: Alipwe na bodi.

Mama Faili: Bodi nayo nani kaichagua?