Pilipili mbuzi majani yanajikunja: ni utitiri, virusi au dawa ya magugu ya jirani?

kijana_wa_mvomero
Habari za jioni wakuu, nina pilipili mbuzi nusu heka huku Mvomero, zina miezi miwili na nusu toka nipande, zilikuwa nzuri sana sasa zimejikunja majani ya juu yamekuwa madogo membamba yanaangalia chini na ncha imesimama haikui. Jirani alipiga 2,4-D kwenye mahindi yake siku 9 zilizopita na upepo ulikuwa unakuja kwangu, nilisikia harufu mpaka nyumbani. Nataka kwenda kwa mtendaji anilipe ila nikaona niulize kwanza. Nimeshapiga dawa ya wadudu mara tatu (ile ya mchanganyiko wa imidakloprid na ya pareto ya viwandani) haijasaidia kitu.

Baba_Nyanya
Pole kijana. Hiyo ni rasta, mimi mwaka juzi nyanya zangu zote ziliondoka hivyo hivyo, majani yakapinda juu kama kijiko, yakawa na njano pembeni. Ng'oa zote choma usipoteze hela ya dawa, virusi havina dawa.

bwanashamba_moro
Baba Nyanya uko sahihi kuwa virusi havina dawa, lakini mwenzio anasema majani yanaangalia CHINI, ya kwako yalipinda juu. Asing'oe kitu bado.

Kijana nijibu haya kabla hujaenda kwa mtendaji. Moja, lini hasa uliona shina la kwanza limejikunja, na lilikuwa wapi shambani? Pili, mpakani mwa mahindi kuna magugu ya majani mapana au kunde au papai, nayo yamepinda? Tatu, geuza jani changa chini yake likoje. Nne, matunda yakoje.

kijana_wa_mvomero
Shikamoo bwana shamba. Nimetembea shamba lote leo asubuhi. La kwanza kwa kweli niliyaona kabla jirani hajapiga, mashina kama sita hivi karibu na njia ya kwenda kisimani, mbali na mahindi, nikadhani ni jua. Sasa hivi yamezunguka hapo kama duara na mengine yametokea sehemu nyingine. Chini ya jani kuna rangi kama shaba, linang'aa, ukilikunja linavunjika kama chipsi. Matunda madogo yana ngozi ya kahawia imekwaruzika kama kiazi kikavu.
Ila mistari miwili ya mpakani iko tofauti, vikonyo vya majani vimepindapinda na kunde za jirani za pembeni nazo zimejikunja.

bwanashamba_moro
Marahaba. Basi una mambo mawili usiyachanganye.

Duara la njiani ni utitiri, ule mweupe mdogo sana, sio ule mwekundu wa buibui unaoacha utando. Huu hauonekani kwa macho, ni sehemu ndogo ya milimita moja, unakaa chini ya majani machanga kabisa na kwenye maua, unafyonza na kumwaga sumu yake ndio maana jani linapinda. Ngozi ya tunda kukwaruzika hivyo haiwezi kutoka kwenye 2,4-D, tunda linakuwa limeliwa likiwa changa. Halafu umeniambia yalianza kabla ya jirani kupiga. Jirani hana kosa hapo.

Mpakani ndiko kunafanana na dawa ya magugu. 2,4-D inapepea inakwenda pamoja, mstari wa karibu unaumia zaidi, ukienda ndani unapungua, na inagusa kila mmea wa majani mapana haichagui pilipili tu. Kunde kupinda ndio ushahidi wako mkubwa. Utitiri ungeanzia mahali pamoja na kusambaa taratibu.

Dada_Hoho_Iringa
Naomba kuongeza, bomba alilopigia alilinunua au aliazima? Mimi kuna mwaka niliazima bomba lililopigia magugu, nikaliosha kwa maji mara moja nikapigia hoho, zikapinda shamba ZIMA kwa siku mbili. Sikuwa na jirani wa mahindi hata mmoja.

kijana_wa_mvomero
Bomba langu mwenyewe dada, la lita 20, magugu nalima kwa jembe. Bwana shamba, sasa mbona dawa nimepiga mara tatu na huo utitiri umezidi?

bwanashamba_moro
Dada yuko sahihi, bomba la magugu liwe la magugu tu maisha yote.

Kijana hizo dawa mbili haziui huo utitiri. Ya pareto ya viwandani inaua wadudu wanaoula utitiri, kwa hiyo umewaondolea adui wao ukawaacha wenyewe. Hata nzi weupe uangalie, huo utitiri unashika miguu ya nzi mweupe ukasafiri naye shina hadi shina, ndio maana unaona umeruka sehemu nyingine.

Tafuta abamektini au salfa ya unga wa kuchanganya na maji. Ile abamektini ya 1.8 EC niliyozoea ni mil 10 kwa bomba la lita 20, ila soma lebo ya chupa yako uifuate hiyo pamoja na siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Piga jioni kwa sababu jua linaiharibu haraka na nyuki wameshalala, nozo iangalie juu upate chini ya majani machanga, ukipiga juu tu umeipoteza. Rudia baada ya siku 5 hadi 7 maana mayai yanabaki. Salfa usipige jua likiwa kali inaunguza.

Kabla hujapiga acha mashina matano ya njiani na matano ya mpakani, funga kitambaa, usiyapulizie chochote. Haya majani yaliyokunjika hayatanyooka tena, unachoangalia ni jani jipya baada ya wiki mbili. Njiani, waliopigwa wakitoa majani mapana na wasiopigwa wakaendelea kukunja, ni utitiri. Mpakani, wote wakipona sawasawa, ilikuwa dawa ya magugu na mmea umejiponya wenyewe. Usipoacha hao kumi utasema dawa imeponya hata isipohusika.

Baba_Nyanya
Na zikiwa na mabaka ya njano na kijani? Hapo ni virusi au bado utitiri?

bwanashamba_moro
Mabaka ni virusi baba, utitiri hauleti mabaka. Hayo ng'oa, ila ni mashina hayo tu sio shamba.

kijana_wa_mvomero (wiki mbili baadaye)
Nimerudi. Nilipata lenzi ya kubana kwenye simu kwa fundi, nikaona chini ya jani kama nukta zinatembea na mayai ya kung'aa yenye vitone vyeupe vyeupe mgongoni, nukta moja ilikuwa imembeba mwenzake nikashangaa sana. Waliopigwa njiani wametoa majani mapana manne matano, wa kitambaa bado wamejikunja vilevile. Mashina matatu yenye mabaka nimeng'oa.
Mpakani waliopigwa na wasiopigwa wanafanana, wameanza kutoa majani yaliyonyooka ila maua yalidondoka mengi. Nimeongea na jirani, amekubali atasubiri upepo utulie, fidia amekataa anasema maua yalidondoka kwa jua.

bwanashamba_moro
Hongera kwa vitambaa. Maua hapo sina uhakika wa kukupa, joto la siku hizi nalo linaangusha. Hao wa kitambaa wa njiani wapige sasa, usiwaache wakaambukiza wengine.

Dada_Hoho_Iringa
Hiyo lenzi ya simu uliinunua bei gani kaka?