Mada ya barua au kichwa kipya: kipi kifae ukurasa wa toleo?

mtunzi_southb: Natuma jarida la bei za mboga kwa barua pepe kila Jumatatu, na kila toleo hubaki kwenye tovuti. Mfumo huchukua mada ya barua ukaifanya kichwa cha ukurasa, na sentensi ya kwanza ikawa maelezo. Jana niliandika `site:` na anwani yetu kwenye Google, nikakuta "Umeona hii?", "Usichelewe Jumatano" na "Poleni wapenda nyanya" zimepangana, karibu zote zina "Habari za asubuhi, karibu tena" chini yake. Niuache mfumo, niandike kwa mkono, au niweke fomula ya mada pamoja na tarehe?

kinara_rongai: Barua zangu zilikuwa zinaingia kwenye spamu hadi nikapunguza alama za mshangao. Jaribu hilo.

mtunzi_southb: Asante, ila zangu zinafika na zinafunguliwa. Shida ni kwa wanaotafuta.

fundi_wa_wavuti: Mada inamsemesha mtu anayekujua. Ameona jina lako kwenye simu, kwa hiyo "Umeona hii?" inamtosha. Anayetafuta hakujui, ameandika "bei ya nyanya Marikiti", na maneno hayo hayamo kwenye kichwa chako. Fomula ya tarehe haikusaidii, kwani "Umeona hii? Machi 4" bado haisemi nyanya. Barua iache na mada yake, ukurasa uupe vyake:

```html
<title>Bei ya nyanya Marikiti yapanda, Machi 2024</title>
<meta name="description" content="Kwa nini kreti ya nyanya kutoka Kirinyaga imepanda, na mboga zipi bado ni nafuu wiki hii.">
```

Anwani ya ukurasa usiiguse. Ukiibadilisha, viungo vilivyo ndani ya barua ulizokwisha kutuma vitakufa, isipokuwa uelekeze ya zamani kwenye mpya kwa 301.

Nyambura_seo: Maelezo hayapandishi ukurasa, msipoteze muda nayo. Kichwa tu, na kisizidi herufi 60.

fundi_wa_wavuti: Kweli hayapandishi. Lakini yakionyeshwa, ndiyo msomaji anayosoma kabla ya kubofya. Google ikiona hayafai huchota sentensi ndani ya ukurasa, na kwako ya kwanza ni salamu. Hizo 60 si sheria: kichwa hukatwa kulingana na upana wa skrini, kwa hiyo tanguliza nyanya na Marikiti. Tena Google inaweza kukibadilisha kichwa, hasa kama kichwa kikubwa ndani ya ukurasa bado kinasema "Umeona hii?". Badilisha hicho pia.

mtunzi_southb: Hicho sikuwa nimekigusa kabisa! Nina matoleo 70. Nimeanza na sita ambayo Search Console inaonyesha yanatokea kwenye utafutaji bila kubofywa.

Nyambura_seo: Bei za mwaka jana nani anazitafuta? Ningekuwa na ukurasa mmoja wa nyanya, unaosasishwa kila wiki.

fundi_wa_wavuti: Wapo wanaolinganisha misimu. Mimi nisingeyafuta matoleo ya zamani, ila huo ukurasa mmoja ningeujaribu kando yake.